Kitufe cha "Maombi" na akina mama watano

Programu yetu ya simu ya kuendeshea kikoba ilikuwa imekamilika, kwa macho yetu sisi tulioitengeneza. Kabla ya kuipeleka kwa kikundi kizima, wanawake 30 wafanyabiashara wa Mabibo, tulimwomba mwenyekiti wao atupatie wanachama watano tukae nao, mmoja mmoja, kwa dakika 40, tuone wanavyoitumia na wanapokwama.

Idadi hiyo ya watu watano tuliichukua kwenye hesabu ya mwaka 1993 ya Jakob Nielsen na Thomas Landauer, watafiti wa jinsi watu wanavyotumia programu. Katika miradi waliyoichunguza, mtu mmoja aliyejaribu programu aliibua kwa wastani asilimia 31 ya matatizo yake ya matumizi. Anayefuata hurudia baadhi ya yale yale na kuongeza mapya, hata wakifika watano karibu asilimia 85 yameshaonekana. Lakini huo ni wastani. Tatizo linalompata mtu mmoja kati ya kumi lina nafasi ya asilimia 41 tu ya kujitokeza mbele ya watu watano. Tena watano hao wawe wa aina moja. Mweka hazina hatukumchanganya nao, kwa sababu kazi yake kwenye programu ni nyingine kabisa.

Kilichonifundisha zaidi ni kuandika kazi za kuwapa. Kazi yangu ya kwanza ilisomeka hivi: "Nenda kwenye Maombi, utume ombi la mkopo wa shilingi 150,000." Nilimjaribisha jirani yangu, akamaliza haraka bila kusita, nami nikafurahi. Mwenzangu ndiye aliyeniambia kwamba nimempa jibu pamoja na swali, maana neno lililoandikwa kwenye kitufe limo ndani ya kazi yenyewe. Tukaiandika upya: "Shule zinafunguliwa Jumatatu na umepungukiwa shilingi 150,000 za ada. Unataka kikundi kikusaidie, utalipa kidogo kidogo. Fanya kwa kutumia simu hii." Hapo hakuna jina la kitufe wala la ukurasa, ila shida ambayo mama huyo anaifahamu. Tulibaki na kazi nne tu za namna hiyo, na akaunti zote zilikuwa na fedha za kubuni, asije mtu akaogopa kugusa akiba yake.

Mimi niliketi na mshiriki, mwenzangu akaketi nyuma akiandika. Tuliomba ruhusa ya kurekodi sauti, tukamwomba kila mama aseme kwa sauti anachokitafuta na anachokiwaza. Karatasi ya mwenzangu ilikuwa na safu tatu: dakika, alichofanya au alichosema, na maana yake. Safu ya tatu ilikatazwa kujazwa mpaka mshiriki aondoke. Kwa mshiriki wa pili aliandika hivi:

4:10 – anapitisha kidole juu ya "Maombi", habonyezi.
4:25 – anafungua "Hisa", anarudi.
5:05 – "Hapa si ndipo mnapoweka sala za kufungulia kikao?"

Kama angeandika "amechanganyikiwa", tungepoteza hilo la sala, na hilo ndilo lililokuwa jibu lote. Neno tulilolichagua kwa maana ya kuomba mkopo, wao walilisoma kama maombi ya kanisani. Watatu kati ya watano walilipita.

Kukaa kimya kulinitesa. Mama huyo alinigeukia, "Mwanangu, nibonyeze wapi?" Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kunyooka. Nikamuuliza, "Mama, ungekuwa peke yako nyumbani ungebonyeza wapi?" Akaomba radhi kwamba yeye simu hizi hazijui, nikamwambia tunaipima programu, yeye hatumpimi. Maneno hayo sasa nayasema mwanzoni, kabla mtu hajaanza kujilaumu.

Mwishoni wote watano walisema programu ni nzuri sana. Sifa hizo hatukuzihesabu. Mtu aliyelelewa vizuri hawezi kumwambia mgeni aliyekuja na soda kwamba kazi yake mbaya. Tulihesabu yaliyomo kwenye safu ya pili: nani alikwama, wapi, na kama alijinasua mwenyewe. Kisha tukayapanga matatizo kwa uzito. Lililomzuia mtu kumaliza likatangulia, lililomchelewesha tu likafuata. Asilimia hatukuandika, kwa sababu "asilimia 60 walishindwa" kwa watu watano ni watu watatu tu.

Tulibadilisha kitufe kikawa "Omba mkopo", tukarudi Mabibo kwa wanachama watano wengine, kazi ikiwa ile ile. Wote walikiona mara moja. Na kwa kuwa sasa walifika ukurasa uliofuata, tukaona jambo ambalo raundi ya kwanza hatukulikuta: wawili waliandika 150.000, kwa nukta, na programu ikawasomea shilingi 150.