Wiki mbili za kujiandaa na mtihani wa nadharia ya udereva: kwa nini nilianza na alama

Nilikuwa na siku 14, kitabu cha sheria za barabarani chenye alama zipatazo 120, na karatasi chache za mitihani ya majaribio. Kabla ya kufungua kitabu nilichukua kalenda nikahesabu kurudi nyuma kuanzia siku ya mtihani, na hesabu hiyo ndiyo iliyopanga mambo mengine yote.

Nilitaka kila alama niirudie mara tatu baada ya kuisoma: kesho yake, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya siku tano. Jumla ni siku tisa. Alama ninayoisoma siku ya nne inamaliza marudio yake siku ya 13, lakini nikiichelewesha hadi siku ya saba, marudio ya mwisho yanaangukia baada ya mtihani. Kwa hiyo alama zote ilibidi ziingie katika siku nne za mwanzo, 30 kila siku. Wengi hufuata kitabu kilivyopangwa, wakaanza na leseni na nyaraka za gari, alama zikawakuta wiki ya mwisho. Sheria nyingi unaweza kuzifikia kwa kujiuliza nani yuko hatarini. Alama usiyoijua huwezi kuibuni.

Siku ya kwanza, kabla ya kadi zozote, nilizipanga alama kwa familia. Kitabu changu kilifuata mtindo wa Mkataba wa Vienna wa 1968, ambao nchi nyingi zinautumia kwa tofauti ndogondogo. Pembetatu yenye ukingo mwekundu inaonya. Duara lenye ukingo mwekundu linakataza. Duara la bluu linaamuru. Mstatili kwa kawaida unakupa taarifa. Ukishalishika hilo, namba 30 ndani ya duara lenye ukingo mwekundu na namba 30 ndani ya duara la bluu hazikuchanganyi tena: ya kwanza inasema usizidi 30, ya pili inasema usipungue. Mbili zimejitenga kwa umbo, alama ya kusimama yenye pembe nane na ile ya kupisha, yaani pembetatu iliyogeuzwa kichwa chini. Umbo lao linatambulika hata uso ukiwa umefunikwa na matope, na hata ukiitazama kwa nyuma, kwa hiyo unaweza kujua kwamba gari la upande wa pili ndilo linalotakiwa kukupisha.

Kisha kadi. Upande mmoja niliandika jina la alama, upande mwingine nikaichora. Nilipokuwa nikijipima nilianza na jina, nikachora alama kwenye karatasi chakavu, ndipo nikageuza kadi. Hilo ni gumu kuliko kutazama picha na kutaja jina, na ugumu huo ndio niliokuwa nikiutafuta. Ukitazama picha, macho yanakuambia unaijua kwa sababu umewahi kuiona. Mtihani nao unakuwekea picha hiyo na majibu yanayofanana. Ukichora, mkono unakwama palepale usipopajua: ukingo una rangi gani, mstari ni mmoja au miwili, mshale upi ni mwekundu.

Nilikwama zaidi kwenye alama mbili za njia nyembamba. Moja ni duara jeupe lenye ukingo mwekundu, nyingine ni mraba wa bluu, na zote zina mishale miwili, mmoja ukielekea juu na mwingine chini. Ya duara inakutaka uwapishe wanaotoka mbele, ya mraba inakupa wewe kipaumbele. Nilizichora mara nyingi na kila mara rangi za mishale zilikimbia. Mwishowe niliziweka kadi zote mbili mezani nikatafuta kinachofanana badala ya kinachotofautiana: mshale unaoelekea juu ni mimi, na mwenye mshale mwekundu ndiye anayesubiri. Kwenye duara mshale wa juu ni mwekundu, basi nasubiri mimi. Kwenye mraba mwekundu ni wa chini, basi anasubiri yule wa mbele. Tangu hapo sikuhitaji kukumbuka alama mbili, sentensi moja ilitosha.

Jozi nyingine nilizishughulikia vivyo hivyo, zikiwa pamoja mezani. Duara la bluu lenye ukingo mwekundu na mstari mmoja wa mshazari linakataza kuegesha, yenye mistari miwili iliyokatana inakataza hata kusimama. Mistari ikiongezeka, katazo linaongezeka. Duara jekundu lenye upau mweupe ni usiingie, ila magari yanaweza kukujia kutoka upande ule. Duara jeupe tupu lenye ukingo mwekundu limefunga njia kwa magari ya pande zote mbili.

Kadi niliyoikosea ilirudi mwanzo wa mzunguko wake, isipokuwa siku za mwisho, ambapo niliirudia kila siku tu.

Karatasi za majaribio nilizigawa kwa ubahili. Ya kwanza niliifanya siku ya kwanza kabisa, si kwa ajili ya alama za ufaulu bali kuona jinsi maswali yanavyoulizwa. Ya pili niliiweka siku ya tisa, kwa sababu ratiba ya kadi ilikuwa tupu siku hiyo. Zilizobaki zilikwenda siku za 11 hadi 13. Sikurudia karatasi niliyokwisha kuifanya: mara ya pili unakumbuka kwamba jibu ni B, na matokeo yanapanda bila wewe kujua chochote kipya.

Kila nilipojibu kwa kubahatisha niliweka nukta kando ya swali. Wakati wa kusahihisha, jibu sahihi lenye nukta nililihesabu kuwa kosa. Tuseme karatasi ina maswali 50, umepata 44, lakini sita kati ya hayo yana nukta. Unachokijua kwa hakika ni 38. Kama ufaulu unaanzia 43, karatasi inakuambia umefaulu, ilhali siku nyingine bahati hiyo inaweza kukukimbia.

Makosa niliyaandika katika makundi matatu: sikujua, nilichanganya, sikusoma swali vizuri. La kwanza linarudisha mtu kwenye kitabu, la pili linazaa jozi mpya ya kadi. La tatu halitibiwi kwa kusoma zaidi. Kwangu lilitokea kwenye maswali yenye neno "isipokuwa" au "hairuhusiwi", nikaanza kuligusa neno hilo kwa kidole kabla ya kutazama majibu.

Sheria nilizisoma kati ya siku ya tano na ya 12, asubuhi baada ya kadi. Maswali ya umbali wa kusimama ndiyo pekee yaliyohitaji hesabu. Ukienda kilomita 60 kwa saa, gari linasonga karibu mita 17 kila sekunde, kwa hiyo sekunde moja ya kushtuka tu imekula mita 17 kabla breki haijashika. Umbali wa kushtuka unaongezeka sambamba na mwendo, lakini ule wa breki, ukiongeza mwendo mara mbili, unakuwa mara nne. Sentensi hiyo ilijibu maswali ambayo jedwali la kitabu lisingenisaidia, kwa sababu namba zilizoulizwa hazikuwa kwenye jedwali.

Siku ya 14 nilipitia tu kadi zilizowahi kurudi mwanzo, rundo dogo la kushikika kwa mkono mmoja, na orodha ya kundi la pili. Kesho yake kwenye chumba cha mtihani lilitokea swali la njia nyembamba, picha ikiwa ya mraba wa bluu. Nililijibu bila nukta, nikaenda la pili.