Ukishang'olewa jino

Nimemaliza kuandika karatasi ya maelekezo kwa wagonjwa wetu wa meno, maana foleni ikiwa ndefu mtu huondoka na pamba mdomoni hajasikia vizuri. Nimeanza na damu: ng'ata pamba kwa nguvu nusu saa, usiitoe kuchungulia. Isipokoma, ng'ata nyingine, ikizidi, rudi. Damu ikiganda kwenye shimo, ndiyo kinga ya kidonda. Ndiyo maana saa 24 za kwanza husukutui, huvuti sigara wala hunywi kwa mrija. Kesho yake, maji ya uvuguvugu yenye chumvi, taratibu. Uji uwe umepoa. Maumivu hutulizwa na parasetamo. Yakizidi siku ya 3 na mdomo ukanuka, huenda lile bonge la damu limetoka shimoni. Njoo tukusafishe.