Shukrani za Mghani Mzee wa Netrokona

Treni iitwayo Haor Express huondoka stesheni ya Kamalapur mjini Dhaka usiku, hupita Joydebpur, Gafargaon na Mymensingh, kisha huingia Netrokona na kumalizia safari yake Mohanganj, ambako reli inakoma na maji yanaanza. Maji hayo wenyeji huyaita haor. Ni mabonde mapana ya kaskazini mashariki mwa Bangladesh ambayo miezi ya ukavu huwa mashamba ya mpunga, na miezi ya mvua hufunikwa yote, vijiji vikabaki juu ya vilima vya udongo vilivyoinuliwa kwa mikono ya watu, na jirani akawa hamfikii jirani yake ila kwa mashua. Nilisafiri na rafiki yangu ambaye tunafanya kazi pamoja Maskati, mzaliwa wa Netrokona, ambaye ndiye aliyenifundisha Kibengali kidogo nilicho nacho. Mjomba wake mmoja alikuwa mwitikiaji wa mghani maarufu wa wilaya ile, naye mghani huyo, akiwa amekwisha kustaafu, alikuwa anatunukiwa tuzo ya heshima ya maisha. Nilikwenda kusikiliza hotuba yake ya shukrani.

Inafaa kueleza kwanza alichokuwa akikifanya mzee huyu, kwa sababu bila hilo hotuba yake haieleweki. Katika nchi ya haor mpunga ni wa msimu mmoja tu, nao huvunwa mwezi wa Boishakh, yaani kati ya Aprili na Mei. Baada ya hapo maji hujaa, jembe hupumzika, na ghala zina nafaka. Huo ndio wakati wa pala, hadithi ndefu inayoimbwa usiku kucha uani kwa mtu. Kiongozi wake, gayen, husimama katikati, akasimulia na kuimba. Waitikiaji wake, dohar, huketi nyuma yake na gambusi ya dotara, ngoma ya dhol, kinanda cha harmoni na vitasa vidogo vya shaba, nao hudaka kiitikio kila anapomaliza ubeti. Wakati wao wanaitikia, yeye anavuta pumzi, anakunywa chai na kuitafuta sehemu inayofuata kichwani mwake. Baadhi ya hadithi hizi zilikusanywa na Chandra Kumar De, mtu wa huko huko, na kuchapishwa na Dineshchandra Sen wa Chuo Kikuu cha Kalkata mwaka 1923 chini ya jina la Maimansingha Gitika. Waghani, hata hivyo, hawakujifunza kutoka kitabuni. Mzee wetu alijifunza kwa ustadhi wake, yaani mwalimu wake, kwa kuketi miongoni mwa waitikiaji kwa miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kusimama.

Sherehe ilifanyika katika ukumbi wa mji. Jukwaani palikuwa na meza ndefu, nyuma yake wakaketi mwenyekiti wa hafla, mgeni rasmi na wageni wa heshima, na kila mmoja alizungumza kwa zamu. Kibengali cha hotuba hizo kilikuwa cha vitabuni, kizito kwa maneno ya Kisanskriti, na rafiki yangu alilazimika kunifafanulia kwa kunong'ona. Kisha ikasomwa manpotro, waraka wa sifa ulioandikwa kwa mwandiko wa mapambo na kutiwa katika fremu. Mzee akavishwa uttoriyo, ile shali nyembamba ya heshima, akapewa ngao na bahasha, na watu wakapiga makofi. Hayo yote yalikwenda kama yanavyokwenda katika kila hafla ya namna hiyo huko Bengali. Mwongozaji wa shughuli akamwongoza mzee kwenye kipaza sauti na kumpa karatasi: shukrani zilizoandaliwa na kamati, kwanza kwa mwenyekiti, kisha kwa mgeni rasmi, kisha kwa wengine kwa vyeo vyao. Alikuwa amepewa dakika tano.

Mzee aliikunja karatasi kwa adabu, akaitia mfukoni mwa kanzu yake fupi ya pamba, akaketi sakafuni mbele ya meza. Alisema kwa lahaja ya Mymensingh, ambayo sasa niliielewa vizuri zaidi kwa kuwa ndiyo ya rafiki yangu: "Mimi sijawahi kufungua kinywa mbele ya watu kabla ya bondona. Nikianza na shukrani kabla yake, ustadhi wangu atanilaumu huko aliko." Akaanza kuimba.

Bondona ni dibaji ya pala. Mghani huelekea pande nne za dunia moja baada ya nyingine na kuzipa salamu zake. Aliyoiimba ilikuwa karibu sana na ile iliyochapishwa mwaka 1923 mwanzoni mwa kisa cha Mahua. Alisalimu mashariki, kwa bwana wa jua, ambaye huchomoza upande mmoja na kuangaza pande zote. Alisalimu kusini, kwa bahari ambayo Chand Saudagar, mfanyabiashara wa hadithi za kale za Kibengali, alipeleka majahazi yake. Alisalimu kaskazini, kwenye mlima Kailash, makao ya Shiva, mungu wa Wahindu. Alisalimu magharibi, kwa Makka, ambako waumini huelekeza salamu zao. Kisha, kama ilivyo desturi, aliisalimu hadhara yenyewe, Wahindu na Waislamu walioketi pamoja, akasema anaweka salamu zake miguuni mwao wote. Mtu aliyelelewa na tenzi za Kiswahili hawezi kuyasikia haya bila kukumbuka jinsi washairi wetu wanavyotanguliza jina la Mungu na sala za Mtume kabla ya kugusa kisa. Tofauti iliyonigusa ni upana: jua, bahari, mlima wa Shiva na Kaaba ndani ya pumzi moja, na hakuna aliyeguna.

Baada ya salamu za kaskazini alikuwa amesita. Alirudia mstari, akashusha sauti, akafumba macho. Wasiojua wangedhani ni hisia zimemzidi. Lakini safu ya mbele ukumbini mzee mwingine, mwembamba, aliinua kichwa na kukidaka kiitikio kabla ya wakati wake, na wengine wawili kando yake wakaingia. Walikirudia mara tatu. Katika mara ya tatu mghani alifumbua macho na kuendelea na magharibi, sauti ikiwa imetulia. Rafiki yangu aliniambia kuwa yule mwembamba ndiye mjomba wake, na kwamba hiyo ndiyo dalili ambayo wajuzi huiangalia: waitikiaji wakiingia mapema na kurudia kuliko kawaida, gayen amepoteza njia na wao wanamshikia mlango. Kinanda kikishushwa ufunguo katikati ya usiku, sauti yake ya juu imekwisha. Mambo hayo mawili, alisema, yalianza kuonekana kwa mzee huyu miaka kadhaa kabla hajaacha.

Shukrani zenyewe zilikuja baada ya bondona, tena kwa maneno ya kawaida. Alimshukuru ustadhi wake kwanza, kwa jambo moja mahususi: kwamba alimnyima ruhusa ya kuongoza hadi alipoweza kuitikia kisa kizima bila kuangalia midomo ya mwenzake. Kisha akawageukia wale watatu wa safu ya mbele, akaomba wasimame. "Mmeona sasa hivi," aliwaambia watu. "Hivi ndivyo nilivyoimba maisha yangu yote. Sifa iliyosomwa hapa inasema kumbukumbu yangu ni kubwa. Kumbukumbu yangu ilikuwa imegawanywa kwa watu wanne, na mmoja amekufa." Alimtaja marehemu, mpiga dhol, kwa jina lake na la kijiji chake.

Halafu aliwashukuru wenye nyua. Hapa alikaa muda mrefu, na kwangu ndipo palipokuwa na uzito wa hotuba. Alieleza jinsi mwenye nyumba anavyotoa malipo ya awali ya kumfunga mghani kwa usiku fulani, jinsi wanawake wanavyotuza fedha ndogo ndogo wakati wa wimbo unaowachoma, kama wanavyotuza kwetu katika taarabu, na jinsi mashua inavyotumwa kuwachukua na kuwarudisha. Kisha akafika mwaka 2017. Mwishoni mwa Machi mwaka ule maji ya mafuriko kutoka milima ya Meghalaya yaliwahi, yakavunja kingo za udongo na kuuzamisha mpunga ukiwa bado mbichi, majuma machache kabla ya mavuno. Mavuno ya mwaka mzima yalioza chini ya maji. Msimu wa pala ulipofika hakuna aliyekuwa na cha kutoa. Kijiji kimoja, hata hivyo, kilituma mashua. Walisema hawana fedha wala mchele wa kutosha, ila usiku ni mrefu na watoto wanalia. Aliimba hadi alfajiri, kinanda kikiwa kimeshushwa ufunguo mara mbili, na asubuhi walimpa samaki wakavu waliofungwa katika jani la ndizi. "Hiyo ndiyo pala yangu ya mwisho kamili," alisema. "Baada ya hapo kifua kilikataa. Wale ndio walionipa tuzo. Ninyi leo mmeileta ngao yake."

Alimaliza kama Wabengali wanavyomaliza hotuba, kwa kuomba makosa yake yatazamwe kwa jicho la msamaha, na katika kinywa chake ombi hilo halikuwa la mazoea, kwa sababu makosa yalikuwa yamesikika. Dakika tano zilikuwa zimepita zamani. Mgeni rasmi hakutajwa kwa jina wala kwa cheo, na nilimwona mwongozaji wa shughuli akihangaika.

Kesho yake tulikwenda kwa mashua hadi nyumbani kwake, tukala wali na samaki wa haor. Nilimwuliza kwa kumwita Chacha, yaani baba mdogo, kama rafiki yangu alivyonielekeza, kwa nini hakuwashukuru wakubwa wa jukwaani. Alishangaa kidogo. "Niliwasalimu," alisema. "Niliisalimu hadhara yote, na wao walikuwa ndani yake. Ukimtaja mmoja, uliowaacha watahesabu." Nikamwuliza kama ile karatasi ya kamati ilikuwa na kosa lolote. Alisema imeandikwa vizuri, lakini inaanza na watu walioketi juu, na bondona huanza na jua.

Wale waitikiaji watatu walikuwa wamefika kabla yetu. Baada ya chakula bahasha ililetwa na kufunguliwa mbele ya wote, na fedha zikagawanywa kwa mgawo ule ule waliokuwa wakiutumia asubuhi baada ya pala, kana kwamba ukumbi wa mji ulikuwa uani kwa mtu na wao walikuwa wamefanya kazi ya usiku mmoja. Fungu la mpiga dhol lilitengwa kwanza, na kijana wake, aliyekuwa amekuja kwa mashua yake mwenyewe, alilihesabu, akamgusa mzee miguu, akalitia mfukoni kumpelekea mama yake.