Ibada ya leo Moshi: Danieli 1

Mhubiri leo kakaa kwenye Danieli 1, si tundu la simba. Danieli alikubali jina la Kibabeli, lugha yao na mafunzo ya miaka 3. Alichokataa ni chakula na divai ya mfalme tu. Wengi kazini tunakosea hapo: tunagombania kila kitu, likija la msingi hatusikilizwi tena.

Alimwomba kwanza mkuu wa maofisa, ambaye aliogopa kukatwa kichwa. Danieli hakumwita mwoga. Akamwendea msimamizi wa chini na jaribio dogo: siku 10, mboga na maji, kisha atazame nyuso za Danieli na wenzake watatu na aamue mwenyewe.

Mfano wa mhubiri ulikuwa wa stoo. Yameingia magunia 52 ya kahawa, bosi anataka usaini 60. Usiishie kusema "siwezi". Mwambie: "Bosi, nasaini 52 sasa hivi, pungufu ya 8 naiandika kwenye hati ya mzigo, dereva naye asaini, ili ukaguzi ukija usikubane wewe." Andika kabla lori halijaondoka, likishatoka getini, dereva atakana. Na bosi anaweza kukataa bado. Hao wenzake watatu wa Danieli, kwenye sura ya 3, walitupwa motoni kabisa.