Siku moja maishani mwangu: skripti ya dakika mbili kuhusu hudhurio la kwanza la kliniki

Saa 12 asubuhi. Ninaamka nikiwa na tatizo lilelile nililolala nalo. Video ninayoiandikia skripti hapa Tanga ni ya dakika mbili, na lengo lake ni moja: mama mjamzito aanze kliniki kabla mimba haijatimiza wiki 12, kama Shirika la Afya Duniani lilivyopendekeza mwaka 2016 lilipotaka mahudhurio yawe manane badala ya manne. Itasambazwa kwa simu, kwa kuwa mama anayeitazama akiwa kwenye benchi la kliniki tayari amefika.

Saa 3 asubuhi. Ninawasomea rasimu akina mama sita, tumekaa mkekani uani kwa mmoja wao. Mhusika mkuu ni Zaituni, mwenye mimba ya miezi miwili na nusu, na mama mkwe wake anamwambia: "Mimba changa haitangazwi, mwanangu. Subiri ionekane." Baadaye muuguzi anajibu: "Hizo ni imani potofu." Hapo uani pananyamaza. Kisha mama mmoja, fundi cherehani, anasema: "Mmemvunjia mama mkwe heshima. Mimi ningeizima hapohapo." Wenzake wanakubaliana naye, nami ninaikata sentensi hiyo mbele yao. Hofu ya kijicho inapopuuzwa haiondoki, na zaidi ya hayo, mama mkwe ndiye mara nyingi anayeamua Zaituni atoke nyumbani lini.

Saa 5 asubuhi. Ninamwendea muuguzi mkunga anayetushauri, nikiwa na swali moja: mama asiyeumwa popote hupoteza nini akisubiri hadi mwezi wa tano? Anaanza na presha. Katikati ya ujauzito, ananieleza, presha kwa kawaida hushuka kidogo, hata kwa mwanamke aliyekuwa na presha ya juu kabla ya kushika mimba. Mwanamke huyo akija mara ya kwanza mwezi wa tano, huenda kipimo kikasoma vizuri, akaruhusiwa kurudi nyumbani. Mwezi wa nane kikisoma 140/90, mhudumu anashindwa kujua kama hiyo ni presha ya zamani au imeletwa na mimba; na presha iliyoletwa na mimba ikiambatana na protini kwenye mkojo huweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Kipimo cha wiki ya kumi kingekuwa kimeandikwa kwenye kadi, angekuwa na cha kulinganishia. Tena presha hiyo inaweza kupanda bila mama kuhisi lolote, kwa hiyo kujisikia mzima hakumhakikishii chochote.

Saa 8 mchana. Maelezo hayo hayatoshi ndani ya sekunde ishirini za mazungumzo. Ninaandika "kipimo cha kulinganishia", ninafuta. Ninaandika "kipimo cha msingi", nacho ninakifuta, kwa sababu hakuna mtu anayezungumza hivyo sebuleni kwake. Ndipo ninapomkumbuka yule fundi. Ninampa mama mkwe cherehani, na maneno yanakuja yenyewe:

ZAITUNI: Shikamoo, mama.

MAMA MKWE: Marahaba, mwanangu. Mbona na mkoba asubuhi hii?

ZAITUNI: Ninakwenda kliniki, mama. Kadi itakaa humu mkobani, hakuna atakayeiona.

MAMA MKWE: Tumbo halijatoka bado. Watapima nini?

ZAITUNI: Presha ya sasa, mama, waiandike. Ikija kupanda, wajue imetoka wapi.

MAMA MKWE (anashusha futi ya kitambaa): Kweli. Mteja asiyepimwa mwanzo, utajuaje kama amenenepa? Ngoja nichukue mtandio, nikusindikize.

Sasa mama mkwe ndiye anayeitatua hoja kwa ujuzi wake mwenyewe, na siri ya mimba ya Zaituni imeheshimiwa.

Saa 10 jioni. Tunafanya mazoezi. Mwigizaji wa muuguzi anafunga mkanda wa presha juu ya mkono wa baibui, na mkunga anatusimamisha mara moja: mkanda hufungwa kwenye mkono usio na nguo, mama akiwa amekaa na kupumzika dakika tano, mkono ukiwa usawa wa moyo, la sivyo namba hudanganya. Tunarudia. Ninafuta pia swali la muuguzi, "Mumeo yuko wapi?", kwa sababu asubuhi akina mama wawili waliniambia kuwa wamewahi kurudishwa nyumbani kwa kukosa mwenza, na tukilionyesha swali hilo tutakuwa tumempa mama sababu ya kutokwenda. Mlango unaomrudisha mama ni jambo la watoa huduma, na video hii haiwezi kuufungua.

Saa 1 usiku. Ninasoma yote kwa sauti nikiwa na saa mkononi: dakika mbili na sekunde kumi na mbili. Ninapunguza maneno ya muuguzi. Futi ya mama mkwe ninaibakisha.