Kwa nini nukta ya ramani inaruka ukiwa Posta

Jana bodaboda kanipigia: "Dada, ramani inasema uko Samora, mbona sikuoni?" Nilikuwa mtaa wa nyuma, chini ya ghorofa la vioo. Simu yangu haina ubovu wowote, tatizo ni hivyo vioo.

Simu inajua ulipo kwa kusikiliza setelaiti za GPS. Ziko juu kama kilomita 20,200, na kila moja inatangaza muda wa saa yake ya atomu. Simu inapima wimbi limechukua muda gani kufika, kisha inazidisha kwa kasi ya mwanga. Hapo ndipo patamu: ndani ya sehemu moja ya bilioni ya sekunde, wimbi linakwenda sentimita 30 hivi! Saa ya simu haina usahihi huo, ndiyo maana setelaiti tatu hazitoshi. Ya nne inasaidia kukokotoa saa hiyo imepotoka kiasi gani.

Sasa pale mjini, ghorofa linaziba anga upande mmoja, na wimbi linakufikia baada ya kugonga kioo cha jengo la ng'ambo. Likizunguka mita 30 za ziada, limechelewa sehemu 100 tu za bilioni ya sekunde, na simu inaamini setelaiti iko mbali zaidi kwa mita hizo 30. Nukta inahamia mtaa mwingine.

Ukiona umesimama tuli lakini nukta inatembea, shuku kuta. Sogea penye uwazi, anga ionekane pande zote, halafu ndiyo uite usafiri.