Bomba juu ya korongo: kebo imekubali, mnepo ni sentimita 62

Maji yamevuka. Bomba la plastiki la milimita 63 limejaa, linaning'inia kwenye kebo kutoka ng'ambo ya chemchemi hadi upande wetu, na mnepo katikati ni sentimita 62. Nilikuwa nimepanga 60. Kwa wageni wa mradi huu: tuko Vihiga, korongo ni la mita 30 kati ya nanga na nanga, na kijito cha chini hupanda vibaya mvua za Aprili zikikolea. Kebo ikinepa sana, magogo yanayoletwa na mafuriko yatalikumba bomba. Ndiyo maana nimeng'ang'ana na hizo 60.

Habari za zege na nanga sitazirudia. Kilichonila akili ni swali moja: kebo tupu niikaze kiasi gani, ili ikishabeba maji ishuke mpaka 60 na isipite hapo?

Uzito wenyewe ni rahisi. Bomba, maji yaliyomo, kebo na vishikizo ni takriban kilo 3.6 kwa kila mita, yaani niutoni 35. Mzigo umeenea sawasawa, kwa hiyo umbo ni parabola na mkazo wa mlalo ni:

```
H = w L² / (8 d)
```

Weka w = 35, L = 30, d = 0.6, unapata niutoni 6,560 hivi. Kwenye nanga mkazo unazidi huo kidogo tu, hata asilimia moja haifiki, kwa sababu kebo iko karibu bapa. Kebo yangu ya milimita 10 hukatikia zaidi ya tani tano, basi nguvu haikuwa tatizo. Tatizo ni urefu.

Urefu wa kebo iliyonepa ni huu:

```
S = L + 8 d² / (3 L)
```

Kwa mnepo wa sentimita 60, kebo imezidi upana wa korongo kwa milimita 32 tu. Upana wa vidole viwili! Sasa linganisha na jinsi inavyovutika. Kebo ya kusokotwa si nondo. Chuma chake kingekuwa kigumu kama nondo kama nyuzi zingekuwa zimenyooka, lakini zimejizungusha kwenye moyo wa katani, na ukizivuta zinajibana na kunyooka kabla chuma chenyewe hakijavutika. Nilichukua moduli, yaani kipimo cha ugumu wa kebo kuvutika, ya 80,000 N/mm², chini ya nusu ya ile ya chuma kigumu, na eneo la chuma la milimita mraba 38:

```
kuvutika = H L / (E A) = 6560 × 30 / 3040000 = 0.065 m
```

Milimita 65. Mara mbili ya ule urefu wa ziada wa mnepo! Maana yake ni kwamba kebo isiyovutwa inatakiwa iwe *fupi* kuliko korongo, kwa milimita 33. Fundi niliyekuwa naye alipoisikia hesabu hiyo aliniangalia kama mtu aliyeshinda juani bila kofia. "Kebo fupi itafikaje ng'ambo?" Itafika kwa kuvutwa, mzee wangu, ndiyo kazi ya winchi.

Kuanzia hapo unatafuta mnepo wa kebo tupu, yenye niutoni 3.7 tu kwa mita, ambao unatimiza urefu uleule usiovutwa. Ni mlinganyo wa nguvu ya tatu. Niliubahatisha kwa kikokotoo cha simu hadi pande mbili zikalingana: mnepo wa sentimita 12, mkazo wa niutoni 3,470. Ukiifunga kebo tupu kwa mnepo wa 60 kwa kuwa 60 ndiyo unayotaka, ukijaza maji itashuka hadi 88.

Lakini hesabu hiyo inaamini kwamba kebo ikiachiliwa inarudi ilipokuwa. Kebo mpya hairudi. Mara za kwanza inapobeba mzigo, nyuzi hujipanga, moyo wa katani husinyaa, na urefu huongezeka moja kwa moja. Kawaida hutajwa robo hadi nusu ya asilimia. Kwa mita 30, robo ya asilimia ni milimita 75, na hizo peke yake zingenishusha kutoka 60 hadi 96. Ndiyo sababu kebo nyingi huonekana zimekazwa vizuri Januari na Machi zinagusa nyasi, watu wakalaumu klipu.

Dawa ni kuivuta kwanza kwa mkazo unaozidi ule wa kazi. Tuliifunga kati ya visiki viwili vya mikaratusi, winchi ya mkono ya tani 1.6 ikavuta mpaka mwisho wake, ikaachwa, ikalegezwa, ikavutwa tena. Niliweka alama mbili za rangi na kupima umbali kati yake kila tulipolegeza, kwa mkazo mdogo uleule. Mwanzoni alama zilikuwa zikiachana, baadaye zikatulia. Hapo ndipo nilipoiamini. (Msisimame kwenye mstari wa kebo iliyovutwa. Pembeni, na mbali.)

Sasa, kupima sentimita 12 katikati ya korongo. Mpango ulikuwa mpira wa maji wa mafundi wa ujenzi, lakini uvuke wapi, na nani ashike rula hewani? Mizani ya kupima mkazo nayo ni ghali mno kwa kazi ya siku moja. Nikakumbuka mbinu ya mafundi wa nyaya za umeme: piga kebo karibu na nanga, acha mkono juu yake, na uhesabu muda wa pigo kwenda ng'ambo na kurudi.

```
d = 0.3066 × (t / N)²
```

t ni sekunde, N ni idadi ya marejeo, d ni mita. Uzito wa kebo haumo! Kebo nzito hupunguza mwendo wa pigo, lakini kwa mnepo uleule inahitaji mkazo mkubwa kwa kiasi kilekile, na viwili hivyo vinafutana. Kwa sentimita 12 marejeo matano yanapaswa kuchukua sekunde 3.1. Ukikosea sehemu ya kumi ya sekunde, mnepo umekosea milimita nane hivi, basi rudia na uchukue wastani. Fanya kabla ya kufunga bomba, upepo ukiwa umelala. Saa ya simu imetosha, na ile mizani nimeifuta kwenye orodha.

Asubuhi, kabla jua halijapata nguvu. Nyuzijoto 15 zikiongezeka, kebo inarefuka milimita tano na ushee, na mnepo wa bomba lililojaa unashuka sentimita mbili na nusu. Huenda zile mbili zilizozidi ni jua tu, kwa maana 62 niliipima saa saba mchana.

Nilikuwa nipake rangi vishikizo leo. Badala yake nilifungua vali ya kusafishia na kumwaga maji yote ya bomba, nione kebo inapanda kiasi gani. Hesabu, nikianzia 62, ilisema itasimama 33. Ilisimama 34. Kama moduli niliyochukua ingekuwa mbali na ukweli, tofauti kati ya jaa na tupu ingenifichua hapo. Rangi itasubiri, kesho nataka kupiga kebo ya jirani anayevusha ndizi, nijue inanepa kwa mkazo gani.